Noti Ni ya Nani: Miaka Mia na Ishirini ya Alama za Nchi kwenye Fedha ya Afrika Mashariki

Katika karne ya 19, mfanyabiashara wa Unguja aliyelipwa kwa karafuu au pembe za ndovu alipokea sura ya mwanamke ambaye hakuwahi kutawala pwani yoyote ya Afrika. Riale ya Maria Tereza, mtawala wa Austria, ilibeba mwaka 1780, mwaka aliofariki, na iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo kwa vizazi vilivyofuata, kwanza Viena na hatimaye hata London, Roma na Bombei. Sura ilisema Austria na tarehe ilisema 1780, na mara nyingi zote mbili hazikuwa za kweli. Hilo halikumsumbua mtu. Thamani ya riale ilikuwa ndani ya fedha yenyewe; mpokeaji aliipima, akaigonga asikie mlio wake, akaitia mfukoni. Rupia ya Kihindi yenye kichwa cha Malkia Viktoria, iliyokuja kuenea pwani yote na kuingia bara pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, ilipokewa kwa msingi huohuo.

Noti ilileta jambo jipya. Karatasi haina uzito wa kupimwa wala mlio wa kusikilizwa. Ni ahadi ya deni, na mwenye kuishika hana budi kujua anamdai nani. Ndiyo maana historia ya alama za nchi kwenye noti inaanza na suala la mdaiwa kabla ya kufika kwenye bendera, wanyama na marais. Katika Afrika Mashariki mdaiwa huyo amebadilika mara nyingi ndani ya muda mfupi, na kila badiliko limeacha tabaka lake la alama juu ya karatasi. Anayetaka kujua noti aliyoishika imetoka nchi gani anasoma matabaka hayo, na ni vyema ajue lipi liliwekwa lini na kwa sababu gani, kwa kuwa si yote yanayoaminika kwa kiwango kimoja.

Mwaka 1905 ndio mwanzo. Mwaka huo Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitoa noti zake za rupia, zenye tarehe 15 Juni 1905, zilizochapishwa Leipzig na kampuni ya Giesecke na Devrient. Noti ya rupia 5 ilikuwa na simba wawili, ya rupia 10 ilionyesha bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa za rupia 50 na 100 zilibeba sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Mgawanyo huo unastahili kuangaliwa. Noti ndogo, ambazo zingepita katika mikono mingi, zilipewa mnyama na mahali. Mtawala aliwekwa kwenye noti za wakubwa na wafanyabiashara wa jumla. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, serikali ya himaya ya Waingereza iliyokuja kuitwa Kenya nayo ilitoa noti zake Mombasa, na mwaka 1908 serikali ya Zanzibar ikatoa za kwake, zilizopambwa kwa jahazi. Zote tatu zilihesabiwa kwa rupia.

Hapo tayari kuna fundisho la kwanza kwa mchunguzi: jina la fedha ni ushahidi dhaifu sana. Serikali tatu zilizokuwa zikitazamana kwa macho ya ushindani zilitumia jina moja la fedha, kwa kuwa zote ziliikuta rupia ikitawala soko na hakuna iliyokuwa na nguvu ya kuiondoa. Tofauti ilikuwa katika vijisehemu. Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller 100 kuanzia 1904, na kwa hiyo neno dogo lililo chini ya neno kubwa lilikuwa likitaja nchi kwa uhakika zaidi kuliko neno kubwa lenyewe. Ushahidi wenye nguvu kuliko huo ulikuwa ukingoni mwa noti, palipoandikwa jina la mtoaji.

Vita Kuu ya Kwanza viliweka kanuni hiyo kwenye mtihani mkali. Meli za Waingereza zilifunga pwani, shehena za noti kutoka Leipzig zikakoma, na jeshi pamoja na utawala vilihitaji fedha ya kulipia wapagazi, askari na chakula. Kuanzia 1915 noti za muda zilichapwa ndani ya koloni, Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingine nyembamba na nyeupe, nyingine nzito na ya kahawia kama ile ya kufungia mizigo. Kufikia 1917 majeshi yalipokuwa yakirudi nyuma porini, noti za rupia moja zilipigwa kwa mihuri ya herufi za mpira, na Wajerumani wenyewe wakaziita noti za porini. Hazikuwa na taswira ndani ya karatasi, hazikuwa na michirizi ya kumchosha mwigaji, hazikuwa na sura ya Kaisari. Kilichobaki ni jina la benki, kiasi, namba, tai wa dola na saini za wino. Ukiondoa pambo lote na ulinzi wote, hicho ndicho noti haiwezi kuishi bila yake: nani anadaiwa, kiasi gani, na mkono wa nani umeshuhudia.

Baada ya vita mdaiwa akawa mmoja kwa eneo kubwa ajabu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London Desemba 1919. Bei ya fedha ya madini ilikuwa imepanda, rupia ikapanda nayo dhidi ya pauni, na walowezi waliokuwa na madeni ya benki waliona mzigo wao ukiongezeka kwa sababu ambayo haikutoka mashambani mwao. Serikali ikaamua kuifunga fedha ya eneo kwenye pauni. Mwaka 1920 ilijaribiwa florini, sawa na shilingi mbili, nayo haikudumu. Ikafuata shilingi, iliyochukua nafasi yake rasmi mwanzoni mwa 1922. Noti zake za kwanza zina tarehe 15 Desemba 1921, zina sura ya Mfalme George wa Tano, simba upande wa nyuma, na kiasi kilichoandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati. Kwenye noti ya shilingi 20 iliongezwa kwamba ni sawa na pauni moja. Lugha hizo tatu zilikuwa picha ya soko jinsi Bodi ilivyoliona: mtawala, wenyeji wa pwani waliosoma hati za Kiarabu, na wenye maduka kutoka Gujarati.

Sasa jaribu kutaja nchi. Noti hii ilikuwa fedha halali Kenya, Uganda na Tanganyika. Zanzibar ilijiunga 1936 na kuziacha noti zake za jahazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili na baadaye shilingi ileile ilitumika hadi Somalia, Eritrea na Ethiopia, na Adeni iliipokea 1951. Sura ya mfalme haikusaidia, kwa maana mfalme huyohuyo alikuwa kwenye noti za Kuprosi. Matoleo ya kwanza yaliandikwa Mombasa na ya baadaye Nairobi, lakini huo ni mji wa utoaji, na mtu wa Bukoba aliyeshika noti yenye jina la Nairobi hakuwa ameshika fedha ya Kenya. Wanaoanza kukusanya noti za zamani huteleza hapa mara kwa mara. Wengine huteleza vibaya zaidi: hulisoma jina la kampuni ya London ya Thomas De La Rue lililochapwa kwa herufi ndogo chini ya fremu na kudhani ndiyo nchi au benki. Mchapaji ni fundi aliyelipwa ujira wake. Hadaiwi chochote na mwenye noti.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 40 jibu sahihi la swali la nchi lilikuwa kwamba hakuna nchi. Kulikuwa na Bodi. Jambo hili halikuwa uzembe wa wachoraji. Bodi haikuwa benki kuu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikukopesha serikali wala kuamua wingi wa fedha. Ilibadilisha shilingi kwa pauni zilizowekwa London, na pauni kwa shilingi, basi. Noti iliyosema Tanganyika au Uganda ingedai kuwepo kwa hazina ambayo haikuwepo.

Uhuru ulipofika, hali hiyo haikuweza kuendelea, ingawa iliendelea kidogo kwa njia ya kuvutia. Makao ya Bodi yalihamishiwa Nairobi 1960. Tanganyika ikapata uhuru 9 Desemba 1961, Uganda 9 Oktoba 1962, Zanzibar 10 Desemba 1963 na Kenya 12 Desemba 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yakafuata 12 Januari 1964 na Muungano 26 Aprili mwaka huo. Noti zilizokuwa mikononi mwa watu bado zilikuwa na sura ya Malkia Elizabeti, na isingewezekana kumweka kiongozi mmoja badala yake bila kuwakera wananchi wa wengine. Toleo la 1964 halikuwa na sura ya mtu. Liliweka mashua yenye tanga juu ya Ziwa Viktoria, maji yanayogusa nchi zote tatu za bara, na ndani ya karatasi kichwa cha kifaru. Kwa maoni yangu hiyo ni noti yenye busara kuliko zote zilizowahi kutolewa katika eneo hili: ilitaja mahali panapomilikiwa kwa pamoja, ikakaa kimya mahali ambapo kusema kungeleta mzozo.

Haikuishi sana. Juni 1965 serikali tatu zilitangaza kwamba kila moja ingeanzisha benki yake kuu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa 14 Juni 1966, na za Uganda na Kenya zikafuata kabla mwaka huo haujaisha. Hapo ndipo nchi ilipoingia rasmi kwenye noti ya Afrika Mashariki, na hapo ndipo mchunguzi anapopata kisa bora cha kujifunzia, kwa kuwa ndugu watatu waliogawana nyumba waliendelea kufanana.

Chukua noti mbili za shilingi 20 za mwaka huo wa 1966, moja ya Kenya na moja ya Tanzania, zikiwa zimechakaa na kupauka. Rangi haitakuambia kitu, zote ni za buluu. Bodi ilikuwa imewazoesha watu kwamba shilingi 5 ni ya kahawia, 10 ya kijani, 20 ya buluu na 100 nyekundu, na Tanzania ikaufuata mpangilio huo, Kenya nayo kwa noti zake ndogo, ili mtu asiyejua kusoma asipunjwe sokoni. Uganda iliachana nao ikapanga rangi zake yenyewe, hivyo kwa noti ya Uganda rangi ni dalili na kwa hizi mbili si dalili. Jina la fedha ni lilelile, shilingi. Aliyezichapa ni fundi yuleyule wa London, na kwa sababu hiyo mpangilio wa fremu na michirizi una undugu unaopoteza jicho.

Sura zinasaidia, Mzee Kenyatta kwa upande mmoja na Mwalimu Nyerere kwa upande mwingine, ila kwa sharti kwamba mtazamaji anawafahamu na mikunjo haijapita usoni. Jina la mtoaji linasaidia zaidi, na hapa kuna herufi moja ya kuangalia. Kenya huandika Banki Kuu ya Kenya, na imeshikilia herufi hiyo hadi leo. Tanzania, katika matoleo yake yaliyokuja kuandikwa kwa Kiswahili, huandika Benki Kuu ya Tanzania. Mtu akipewa kipande kilichochanika chenye neno hilo la kwanza tu, a au e inamwambia alipo. Asisahau tu kwamba Rwanda nayo huandika Banki Nkuru y'u Rwanda, na Burundi huanza na Ibanki. Neno la pili nalo litazamwe.

Kisha ziinue noti hizo mbili dhidi ya mwanga. Katika ile ya Kenya kinatokeza kichwa cha simba, katika ile ya Tanzania kichwa cha twiga. Taswira hii haikuchapwa. Ilitengenezwa karatasi ilipokuwa bado uji wa pamba juu ya chekecheo lenye mabonde na vilima vidogo: uji ulipojaa zaidi karatasi ikawa nene na nyeusi mbele ya mwanga, ulipopungua ikawa nyembamba na angavu. Kwa hiyo haifutiki kwa jasho, mafuta wala maji ya mvua. Noti inaweza kupoteza rangi, sura na maandishi yote, ikabaki na simba wake. Mwisho ni saini. Tanzania iliweka mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana, ambao wakati huo walikuwa Amir Jamal na Edwin Mtei. Kenya iliweka saini kadhaa za bodi ya benki, chini ya gavana wake wa kwanza, Leon Baranski, Mpolandi aliyekabidhi kiti kwa Duncan Ndegwa mwaka 1967. Saini haitaji nchi pekee, inataja na kipindi. Mtindo wa saini mbili unaendelea Tanzania hadi sasa, na noti zilizoingia sokoni Februari 2025 zilitofautiana na za miaka iliyotangulia hasa kwa saini ya waziri na ya gavana.

Miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa zama za sura, na zama hizo zilionyesha udhaifu wa sura kama alama ya nchi. Uganda ilianza 1966 bila picha ya rais kwenye noti. Idi Amin akajiweka mwaka 1973. Alipoangushwa Aprili 1979 noti mpya zikaonyesha jengo la benki kuu mahali alipokuwa. Milton Obote akaonekana kwenye noti za mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha naye akaondoka. Kwa mwanahistoria hiyo ni faida, kwani noti inajitaja tarehe yake. Kwa mwenye duka ni hatari: sura iliyoondoka madarakani huondoka na uhalali wa noti, na mtu wa mbali ambaye hakusikia redio hubaki na karatasi. Kenya ilikwenda polepole zaidi. Mzee Kenyatta alifariki 22 Agosti 1978 na Daniel arap Moi akaingia kwenye noti kuanzia 1980, akakaa humo hadi mwisho wa utawala wake. Tanzania ilimtoa Nyerere ikamweka Ali Hassan Mwinyi, kisha ikafanya jambo la kutafakarisha: katika toleo la 1997 twiga alichukua nafasi ya rais, naye Benjamin Mkapa hakuwahi kuwekwa kwenye noti akiwa madarakani. Mnyama aliyekuwa amefichwa ndani ya karatasi tangu 1966 alitoka hadharani.

Wakati sura zikipishana hivyo, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika mbali na karatasi. Benki zilizotumiana maagizo kwa teleksi hazikuweza kuandika shilingi na kuacha hapo, kwa kuwa shilingi zilikuwa za Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia, na faranga zilikuwa nyingi kuliko hizo. Mwaka 1978 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 4217. Lilichukua herufi mbili za nchi zilizokwisha kupangwa 1974 likaongeza moja ya fedha: TZ na S ikawa TZS, KE na S ikawa KES, RW na F ikawa RWF, BI na F ikawa BIF, OM na R ikawa OMR. Mtu aliyekariri herufi za nchi anaweza kusoma ubao wa duka la kubadilisha fedha mahali popote duniani.

Lakini herufi hizi nazo zina makovu. Shilingi ya Uganda ilikuwa UGS. Mwaka 1987 serikali mpya ilifuta sifuri mbili, shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya, na ubadilishaji ukatozwa asilimia 30. Vitabu vya benki havikuweza kuchanganya fedha mbili zenye thamani tofauti chini ya herufi zilezile, hivyo mpya ikaitwa UGX. Herufi X ya mwisho, inayoonekana kama kosa karibu na S ya majirani, ni kumbukumbu ya mageuzi hayo. Kongo ina kumbukumbu ndefu zaidi: zaire ya kwanza iliandikwa ZRZ, mwaka 1993 mfumuko wa bei uliibadilisha kwa kiwango cha milioni 3 kwa moja, ikazaliwa ZRN, baada ya Mobutu kuanguka 1997 nchi yenyewe ikabadili jina na herufi zake zikawa CD, na faranga ya 1998 ikawa CDF. Katika makundi matatu ya herufi umo mfumuko wa bei na umo mwisho wa utawala.

Inabidi kusema waziwazi mipaka ya alama hii. Herufi tatu hazimo kwenye noti zetu. Zimo kwenye ubao wa viwango, kwenye risiti, kwenye skrini ya benki. Anayetafuta TZS juu ya noti ya shilingi 10,000 hataiona. Watu wenyewe huandika Sh au huweka mkwaju na alama ya sawa baada ya tarakimu, urithi wa vitabu vya hesabu vya zama za shilingi na senti. Tena herufi zinazoanza na X hazitaji nchi hata kidogo. XOF ni faranga ya nchi nane za Afrika Magharibi zenye benki kuu moja, na nchi husika hujulikana kwa herufi iliyofungamanishwa na namba ya noti, kama K kwa Senegali na C kwa Bukinafaso. Bodi ya zamani ya Afrika Mashariki haikuwa hata na herufi hiyo.

Miaka ya 1990 na 2000 ilileta mashine za kunakili kwa rangi, kisha skana na printa za mezani, na alama za usalama zikaongezeka kwa kasi isiyowahi kuonekana. Hapo maswali mawili yaliyokuwa mbalimbali yakakutana: noti hii ni ya nani, na je, ni ya kweli? Tanzania ilitoa toleo jipya Januari 2011 likiwa na noti ndogo kwa umbo, taswira ya Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi badala ya twiga wa zamani, na uso wa mbele uliogawanywa baina ya waasisi na wanyama: Karume kwenye 500, Nyerere kwenye 1,000, simba kwenye 2,000, kifaru kwenye 5,000 na tembo kwenye 10,000. Nyuma ya 2,000 kuna Ngome Kongwe ya Zanzibar. Noti ya 500 haikukawia kuchakaa kwa kupita mikono mingi, na mwaka 2014 ikapata sarafu ya kuchukua nafasi yake.

Noti bandia hutambulika pale mwigaji anapolazimika kudanganya kuhusu namna kitu kilivyotengenezwa. Taswira ya kweli inaonekana kwa mwanga wa nyuma tu, na vivuli vyake hupita taratibu kutoka weusi hadi mwanga. Ya kuigiza huchapwa juu ya karatasi kwa wino wa kijivu au mweupe. Iweke noti mezani bila kuiinua, na kama sura bado inaonekana wazi, shuku. Uzi wa kweli umefumwa ndani, ukiinua noti unakuwa mstari mmoja usiokatika. Wa uongo ni vipande vya karatasi ya fedha vilivyobandikwa, na ukucha huvibandua. Maandishi makuu yalichapwa kwa bamba lililochongwa, wino ukasukumwa kwa nguvu hadi ukasimama, hivyo kidole kinakwaruza.

Kila kipimo kina mahali kinaposhindwa. Noti iliyozunguka miaka mingi hupoteza mkwaruzo. Taa ya zambarau ya madukani inategemea ukweli kwamba karatasi ya noti, iliyotengenezwa kwa pamba bila kemikali za kung'arisha, haimetimeti, wakati karatasi ya kawaida ya kuandikia hung'aa buluu. Ila noti halali iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa kwa sabuni ya unga hunyonya king'arishi cha sabuni ikang'aa vilevile. Mwenye duka anayetegemea taa pekee atakataa noti halali. Aiinue kwanza aone taswira, ndipo aamue.

Kenya ndiyo iliyofikisha zama za sura mwisho wake kwa sheria. Baada ya Moi kuondoka Desemba 2002, sura ya Mzee Kenyatta ilirudishwa, kisha Katiba ya 2010, katika ibara ya 231, ikakataza noti na sarafu za benki kuu kuwa na picha ya mtu yeyote. Zinaruhusiwa kuwa na picha za mambo yanayoiwakilisha Kenya. Ilichukua miaka tisa. Noti mpya zilizinduliwa Narok 1 Juni 2019 zikiwa na jumba la KICC mbele, na kila moja na mnyama wake, simba kwenye 500 na tembo kwenye 1,000. Karibu na jumba hilo inaonekana sanamu ya Mzee Kenyatta iliyopo mahali hapo kweli, na jambo hilo likapelekwa mahakamani kwa hoja kwamba ni picha ya mtu kwa mlango wa nyuma. Mahakama Kuu haikukubali. Noti za zamani za 1,000 zilikoma kutumika mwisho wa Septemba mwaka huo. Ndani ya karatasi mpya bado yumo simba, yuleyule wa 1966 kwa jinsi, akiwa amepita salama katika mabadiliko yote ya sura za juu.

Mwaka 2024 Kenya iliongeza nyuzi mpya za usalama kwenye noti zake, na mchapaji aliyepewa kazi alikuwa Giesecke na Devrient, nyumba ileile iliyochapa simba wawili wa rupia 5 mwaka 1905, sasa ikiwa na makao Munich. Jina hilo halimwambii mwenye noti chochote kuhusu nchi, kama halikumwambia wakati ule.

Swali la mdaiwa linarudi mezani. Tarehe 30 Novemba 2013 wakuu wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi walitia saini Kampala itifaki ya fedha moja. Shabaha ilikuwa 2024, ikasogezwa hadi 2031, na jumuiya sasa ina wanachama wanane, wakiwemo Kongo, Sudani Kusini na Somalia. Fedha hiyo ikitoka, herufi zake za kimataifa zitategemewa kuanza na X, kwa kuwa hakuna herufi mbili za nchi moja zitakazoimiliki. Katazo la Kenya kuhusu picha za watu linazihusu noti za benki kuu ya Kenya, si za benki ya pamoja, kwa hiyo suala la sura litapaswa kuamuliwa upya na wote. La herufi kwenye namba za noti ni zito zaidi. Afrika Magharibi waliziweka ili ijulikane kila nchi imetoa kiasi gani. Bodi ya 1919 haikuziweka, na noti zake zilipokuwa zikirudishwa baada ya 1966, karatasi yenyewe haikuweza kuonyesha ilianzia Kampala, Nairobi au Dar es Salaam.